Barua ya Tatu Kabla ya Desemba 31

Katika kazi zote za mkaguzi wa hesabu, ipo moja isiyokubali kuahirishwa. Vitabu vya mwaka uliopita vinaweza kukaguliwa Februari, Machi, hata Mei, na taarifa ya benki ya Desemba itasomeka vilevile ikifunguliwa Aprili. Lakini mifuko ya saruji iliyokuwamo ghalani jioni ya Desemba 31 haimsubiri mtu. Kufika Februari imekwisha kuwa misingi ya nyumba za watu, na hakuna karatasi inayoweza kuirudisha ghalani ihesabiwe upya.

Ndiyo maana kuanzia Novemba ofisi za ukaguzi huanza kuwaandikia wateja wao kuomba siku ya kuhesabu mali. Wengi hujibu. Wengine hukumbushwa mara moja, wakajibu. Halafu wapo wale ambao ombi la kwanza limepotelea kwao, la pili likapotea pia, na sasa Desemba imefika katikati. Hapo mkaguzi anakaa mezani kuandika mara ya tatu, na anachoandika safari hii kinapaswa kuwa kitu tofauti kabisa na yale mawili ya mwanzo.

Msomaji anaweza kuuliza: kwani lazima mkaguzi awepo? Si kampuni ijihesabie yenyewe, impelekee orodha? Kiwango cha Kimataifa cha Ukaguzi namba 501, kinachofuatwa na wakaguzi wa Tanzania na Kenya, kinajibu. Kama mali iliyomo ghalani ni sehemu kubwa ya hesabu za kampuni, mkaguzi anatakiwa ahudhurie inapohesabiwa, isipokuwa pale ambapo kuhudhuria hakuwezekani kabisa, kwa mfano mahali penyewe pakiwa pa hatari kwa maisha yake. Usumbufu haumo katika sababu zinazokubalika. Ugumu, muda na gharama navyo havimo. Mkaguzi hawezi kuandika kwenye faili lake kwamba hakwenda kwa kuwa mteja hakupokea simu, akaishia hapo.

Tuchukue mfano wa kampuni inayouza vifaa vya ujenzi kwa jumla jijini Mwanza: saruji, nondo, mabati, misumari, rangi. Mwaka wake wa hesabu unaishia Desemba 31. Ina duka la mbele na maghala mawili, moja nyuma ya duka na jingine nje kidogo ya mji. Jumatatu Novemba 10, 2025, ofisi ya ukaguzi inamwandikia meneja wa fedha barua pepe: “Tunaomba mtujulishe ni lini mtakuwa tayari kwa zoezi la kuhesabu mali.” Kimya. Jumatatu Desemba 1 inatuma ukumbusho unaosema maneno yale yale, ukitanguliwa na “tunapenda kukumbusha”. Safari hii linakuja jibu la neno moja kwenye WhatsApp: “Tutawasiliana.”

“Tutawasiliana” ni jibu la hatari kuliko kimya. Aliyelipokea hujiona amejibiwa, akatulia wiki nzima. Mkaguzi aliyekaa kazini siku nyingi hulihesabu kuwa bado hajajibiwa, kwa sababu ndani yake hamna tarehe, hamna saa, wala jina la mtu atakayefungua ghala.

Kabla ya kalamu kushika karatasi mara ya tatu, kuna dakika chache za kujiuliza kwa nini mteja amenyamaza. Mara nyingi kosa limo katika swali lenyewe. “Ni lini mtakuwa tayari?” ni swali linalompa kazi anayeulizwa: azungumze na mtunza stoo, aulize dereva, ampigie mkurugenzi aliye safarini, kisha ndipo ajibu. Desemba ni mwezi ambao watu wa mjini wanarudi nyumbani na fedha za kumalizia nyumba zilizosimama. Duka la vifaa vya ujenzi halina mtu wa kukaa chini kufanya mashauriano hayo. Ujumbe unasomwa, anayeusoma anasema “nitalijibu jioni”, na jioni hiyo haifiki.

Sababu ya pili ni kwamba barua imekwenda kwa asiye na uamuzi. Meneja wa fedha anaweza kuwa na cheo kizuri na meza kubwa, lakini kufunga ghala kwa saa sita ni uamuzi wa mwenye mali. Yeye hawezi kusema ndiyo, na hataki kuonekana hawezi, basi ananyamaza.

Nyingine hazisemwi waziwazi. Huenda ankara ya ukaguzi wa mwaka jana haijalipwa yote, na mteja anadhani akipokea simu ataulizwa hela. Huenda mtunza stoo anajua mabati hayatatimia na anaomba siku zisogee. Mkaguzi hana haki ya kumtuhumu mtu kwa jambo asilolijua, ila barua yake inaweza kuandikwa kwa namna ambayo kila mmoja wa watu hawa anapata mlango wa kujibu bila aibu.

Hii hapa barua yenyewe, jinsi ambavyo ofisi yenye uzoefu ingeiandika. Imetumwa Jumatatu Desemba 15, na haikuelekezwa tena kwa meneja wa fedha. Imekwenda kwa mkurugenzi mtendaji, nakala kwa meneja.

“Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUHESABU MALI GHALANI – TUNAOMBA JIBU KABLA YA IJUMAA DESEMBA 19

Tunaomba kuhesabu mali ya kampuni kufanyike Jumatano Desemba 31 kuanzia saa 11 jioni, baada ya duka kufungwa. Endapo siku hiyo haifai, tunaweza kufika Ijumaa Januari 2 saa 1 asubuhi, kabla duka halijafunguliwa.

Tuliandika kuhusu jambo hili Novemba 10 na Desemba 1, na hadi leo hatujapata tarehe. Huenda barua zetu hazikufika mahali pake, ndiyo maana tunakuletea wewe moja kwa moja.

Tunachohitaji siku hiyo ni mtunza stoo wa kila ghala, watu wawili wa kuhesabu, na mali isiingie wala kutoka mpaka tumalize. Sisi tutakuja watu wanne.

Wakaguzi wetu wa siku hizo mbili tunawashikia nafasi yenu hadi Ijumaa Desemba 19 saa 10 jioni. Tusipopata jibu kufikia saa hiyo, tutawapangia kazi kwa mteja mwingine, na hatutaweza kuhudhuria kwenu kabla ya katikati ya Januari. Ikifika hapo, tutalazimika kutafuta kiasi cha mali ya Desemba 31 kwa njia nyingine, ambayo inachukua muda zaidi na huenda isitoshe kutupa uhakika. Isipotosha, ripoti yetu italazimika kusema hivyo.

Jibu la ‘Desemba 31’ au ‘Januari 2’ linatutosha. Tutakupigia simu leo mchana kuhakikisha barua hii imekufikia.”

Basi. Haijai ukurasa mmoja.

Jambo la kwanza linaloonekana ni kilichokosekana. Barua nyingi za ofisini Tanzania huanza na “Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu” na kumalizia na “Wako katika ujenzi wa Taifa”, na katikati panabaki nafasi ndogo ya kusema jambo. Hakuna ubaya kwa heshima hizo katika barua ya kawaida. Katika barua ya tatu zinakula mistari miwili ya mwanzo, na mistari hiyo ndiyo pekee ambayo mtu mwenye haraka ataisoma kwenye kioo cha simu. Hapa tarehe inayoombwa imo kwenye sentensi ya kwanza, na siku ya mwisho ya kujibu imo kwenye kichwa cha barua chenyewe. Mkurugenzi asipofungua hata barua, amekwisha kuelewa nusu yake.

Pili, swali limegeuzwa. Hakuna tena “ni lini”. Kazi ya kupanga ameibeba mkaguzi, akaleta siku mbili zilizochaguliwa kwa akili. Desemba 31 jioni ni siku yenyewe ya kufunga hesabu. Januari 2 asubuhi ni sawa na hiyo, kwa sababu Januari 1 ni sikukuu. Kama duka halikufunguliwa na lori halikushusha mzigo, kilichomo ghalani alfajiri ya tarehe 2 ndicho kilichokuwamo usiku wa kuamkia mwaka mpya. Mteja anaombwa kuchagua neno moja kati ya mawili. Anaweza kulijibu akiwa amesimama kaunta na mteja wake mbele yake.

Tatu ni namna barua inavyotaja kimya kilichopita. Inatoa tarehe mbili, Novemba 10 na Desemba 1, na inasema “hatujapata tarehe”. Haisemi “hujajibu”. Tofauti si ndogo: ya kwanza inaeleza hali ya ofisi ya mkaguzi, ya pili inamnyooshea mtu kidole. Wala haisemi “licha ya kukumbushwa mara kadhaa”, msemo unaopendwa sana na wenye hasira zilizovaa tai. Tarehe mbili zinatosha. Anayezisoma anahesabu mwenyewe. Kisha inafuata sentensi ya kumstahi, “huenda barua zetu hazikufika mahali pake”. Mkurugenzi anapewa nafasi ya kusema kweli hazikumfikia, na meneja wa fedha naye anaokolewa asionekane mzembe mbele ya bosi wake. Mkaguzi anamhitaji meneja huyo mwaka mzima ujao. Hakuna faida ya kumchoma.

Uzito wa barua nzima umelala kwenye aya ya Desemba 19, na ndipo waandishi wengi wanapokosea.

Mtu aliyechoshwa na kimya hutamani kuandika: “Tusipopata jibu, tutahesabu kuwa mmekubali, na tutafika Desemba 31.” Inasikika kama msimamo. Katika kazi nyingine inafaa. Fundi wa kusoma rasimu anaweza kusema kwamba asipopata masahihisho atachapa kama ilivyo. Kwa ghala haifai hata kidogo. Mkaguzi hana funguo. Hawezi kuzuia lori lisipakie. Hajui rundo lipi la nondo ni la kampuni na lipi ni la mteja aliyekwisha kulipia akaomba litunzwe. Akifika bila kutarajiwa atakuta mlinzi na kufuli, arudi, na gharama ya safari iwe juu yake. Tishio lililoshindwa kutimia humfundisha mteja kwamba hata barua ya nne inaweza kusubiri.

Kwa hiyo barua imetaja matokeo yaliyo mikononi mwa mkaguzi mwenyewe: kuwahamisha watu wake. Hilo anaweza kulifanya Ijumaa saa 10 na dakika 1 bila ruhusa ya mtu. Na ni kweli, kwa kuwa wiki ya mwisho ya Desemba kila ofisi ya ukaguzi ina wateja wengi wanaofunga hesabu siku moja, na wakaguzi hawagawanyiki. Mteja anayesoma hapo hasikii kwamba anatishwa. Anaelezwa mambo yatakavyokwenda, na ukali wa barua unatokana na ratiba. Sauti ya mwandishi imebaki pale pale ilipokuwa Novemba.

Mstari wa mwisho wa aya hiyo, unaohusu ripoti, ulihitaji kupimwa zaidi. Wasomaji wa magazeti wanaijua lugha hii kutoka ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali: hati inayoridhisha, hati yenye shaka, hati isiyoridhisha. Kampuni binafsi nazo hupata hati za namna hiyo. Mkaguzi aliyeshindwa kupata uhakika juu ya mali ya ghalani, na mali hiyo ni kubwa, hutoa hati yenye shaka, na jambo likiwa kubwa na limeenea mno anaweza kukataa kutoa maoni kabisa. Benki iliyokopesha husoma ukurasa huo kwanza. Hata hivyo, kuandika mnamo Desemba 15 kwamba “tutawapa hati yenye shaka” lingekuwa kosa, kwani hakuna mkaguzi anayeijua hati kabla hajakagua. Barua imesema “huenda isitoshe”, halafu “isipotosha”. Hayo ndiyo anayoyajua siku hiyo, na amekomea hapo.

Halikuguswa suala la ankara ya mwaka jana. Kuna kishawishi kikubwa cha kuongeza mstari mmoja tu, “pia tunakumbushia salio letu”, kwa kuwa karatasi imekwisha kufunguliwa. Ukiongezwa, barua inakuwa ya kudai hela na tarehe inasahaulika. Kama mkaguzi anahisi deni ndilo linalomfanya mteja ajifiche, mahali pake ni kwenye simu.

Simu hiyo hupigwa siku ile ile, na anayepiga ni mkuu wa ofisi ya ukaguzi. Kijana aliyekuwa akituma ujumbe wa awali hapigi, kwa sababu mkurugenzi wa miaka 60 anayepigiwa na karani wa miaka 24 kuulizwa kwa nini hajibu barua atakuwa na neno la kusema, nalo halitahusu saruji. Mazungumzo huenda hivi:

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Habari za huko?”

“Nzuri, mzee. Poleni na pilika za mwisho wa mwaka. Nimekuletea barua leo kuhusu kuhesabu ghala, nikasema nikupigie mwenyewe isije ikafunikwa na nyingine.”

“Ah, hilo si lilikuwa kwa meneja?”

“Lilikuwa kwake, mzee, lakini kufunga ghala ni uamuzi wako. Kuna tarehe 31 jioni au tarehe 2 asubuhi. Na lile la ankara tutaliongea siku yake, lisikuzuie kwa hili.”

Sentensi ya mwisho imesemwa kwa kupita tu, lakini kwa mtu aliyekuwa akikwepa simu kwa sababu ya deni, hiyo ndiyo iliyofungua mlango. Simu ikikatwa, mkaguzi anaandika barua pepe ya mistari miwili kuthibitisha kilichokubaliwa. Asipoandika, ifikapo tarehe 30 kila mmoja atakuwa na kumbukumbu yake.

Barua yenyewe inatumwaje? WhatsApp ilishatumika, na tiki mbili za bluu hazithibitishi kitu kikubwa: zinaonyesha ujumbe umefunguliwa kwenye simu ile, hazisemi na nani, na mwenye simu akitaka anaweza kuzizima. Barua ya tatu huenda kwa barua pepe na pia kwa karatasi, ikipelekwa na mtu mwenye daftari la kupelekea barua. Mapokezi wanasaini daftari na kugonga muhuri wenye tarehe kwenye nakala inayorudi. Inaonekana kama mambo ya kizamani. Lakini bahasha iliyopokelewa kwa muhuri huwekwa juu ya meza ya mkurugenzi, wakati barua pepe ya kumi na saba ya siku hiyo haiwekwi popote.

Nakala ile yenye muhuri ina kazi nyingine, ambayo mteja haioni. Barua ya tatu ina wasomaji wawili. Mmoja ni mkurugenzi. Wa pili ni mtu atakayelifungua faili la ukaguzi baadaye: mkaguzi mwandamizi anayepitia kazi, au wakaguzi wa ubora kutoka NBAA, bodi inayosimamia wahasibu na wakaguzi wa hesabu Tanzania. Huyo atauliza kama ofisi ilifanya juhudi za kweli kuhudhuria, na kama kizuizi kilitoka kwa mteja. Viwango vinasema kwamba uongozi wa kampuni ukimzuia mkaguzi kupata ushahidi, kwanza auombe uondoe kizuizi hicho, na ukikataa alipeleke kwa wanaousimamia uongozi, yaani bodi ya wakurugenzi. Kimya peke yake hakijawa kukataa. Barua tatu zenye tarehe, ya mwisho ikiwa na muhuri na siku ya kujibu iliyopita, zinaanza kufanana na kukataa, na faili linaonyesha hivyo bila mkaguzi kulazimika kujitetea.

Hapo pia pana mpaka wa nani apewe nakala. Mwenyekiti wa bodi anaweza kupewa. Benki ya mteja hapewi, wala mamlaka ya kodi, hata kama mkaguzi anajua kwamba jina la benki likionekana kwenye nakala jibu litakuja ndani ya saa moja. Mambo ya mteja ni siri ya mteja, na kuyapeleka nje ili kumshinikiza ni kuvunja maadili ya kazi. Kulitupa suala kwenye kundi la WhatsApp la kampuni, ambamo kuna madereva na wauzaji, kunaangukia huko huko.

Mara nyingi barua ya namna hii hujibiwa kabla ya Ijumaa. Zipo zisizojibiwa, na hapo ndipo inapoonekana kama mwandishi alimaanisha alichoandika. Saa 10 ya Desemba 19 ikipita, wakaguzi wanapangiwa kwingine kweli, na inatumwa barua fupi ya mwisho: nafasi imeachiwa, siku inayopatikana sasa ni Ijumaa Januari 16, na mteja ahesabu mali yake mwenyewe Desemba 31 na kutunza karatasi zote za kuhesabia zikiwa na saini. Humo zinaombwa pia namba za hati ya mwisho ya kupokea mzigo na ya mwisho ya kutoa mzigo kwa siku hiyo. Namba hizo mbili ni ndogo kama nini, lakini bila kuzijua hakuna atakayeweza kusema mzigo wa mkesha wa mwaka mpya ulikuwa wa mwaka upi.

Januari 16 wakaguzi wanafika, wanahesabu saruji, na kukuta mifuko 1,840. Sasa wanarudi nyuma kwa karatasi. Kati ya Januari 1 na siku hiyo risiti zinaonyesha imeuzwa mifuko 2,610, na hati za mapokezi zinaonyesha imeingia 3,000. Iliyouzwa ilikuwapo, kwa hiyo wanaijumlisha. Iliyoingia haikuwapo, kwa hiyo wanaitoa. 1,840 jumlisha 2,610 ni 4,450. Ukitoa 3,000 inabaki mifuko 1,450. Hiyo ndiyo iliyopaswa kuwapo Desemba 31, na karatasi za mteja zikisema vivyo hivyo, kila mtu anapumua.

Hesabu ni nyepesi, udhaifu wake ndio mzito. Tuseme katika wiki hizo mbili mifuko 200 ilitoka bila risiti. Risiti zitaonyesha 2,410, na jibu litakuwa 1,250. Karatasi za mteja zinasema 1,450, njia ya kurudi nyuma inasema 1,250, na mkaguzi hana namna ya kujua ipi ni kweli, kwa sababu hakuwapo. Kwa bei ya kununulia ya shilingi 16,000 kwa mfuko, tuseme, hiyo ni tofauti ya milioni 3.2 kwa bidhaa moja tu. Ghala hilo lina bidhaa mamia. Wakaguzi wanaanza kufukua: kadi za stoo, daftari la mlinzi la magari yanayotoka, hati za madereva. Zoezi ambalo lingeisha kwa jioni moja linakula siku kadhaa, na muda huo unaingia kwenye ankara, ankara ile ile ambayo labda ndiyo iliyoanzisha kimya.

Wakati huo saa ya kodi inatembea. Kampuni inayofunga hesabu Desemba 31 inatakiwa kuwasilisha ritani yake ya kodi ya mapato TRA ndani ya miezi 6, yaani kufikia Juni 30. Kwa KRA nchini Kenya muda ni huo huo. Na mali ya kufungia mwaka mmoja ndiyo mali ya kufungulia mwaka unaofuata, kwa hiyo shaka iliyobaki juu ya saruji ya Desemba 2025 inaingia moja kwa moja kwenye faida ya 2026. Mkurugenzi anaweza kuhesabu vizuri mno Desemba 2026, mkaguzi akiwa amesimama pembeni, na bado ripoti ya mwaka huo ikabeba alama ya jioni moja ambayo hakuna aliyejibu barua.

Ofisi nyingine, baada ya msimu kama huo, hubadilisha barua ya kwanza. Ya Novemba 2026 kwa mteja huyu haitauliza tena ni lini atakuwa tayari. Itakwenda kwa mkurugenzi, meneja akipewa nakala, na itakuwa na tarehe mbili za kuchagua.